Magoti yanayouma: kutembea, bwawa au baiskeli? Mwongozo wa wiki 12 kwa mzee wa Nairobi

Shangazi yangu ana miaka 69 na anaishi Donholm, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Mwaka jana alijiunga na akina mama wa kanisani waliokuwa wakitembea alfajiri kando ya barabara kuu. Siku ya kwanza walitembea dakika 45. Siku ya pili goti lake la kulia lilikuwa limevimba hata kuvaa suruali kulikuwa shida. Akaacha kabisa, akakaa kitini wiki tatu, na alipoinuka akakuta goti limekakamaa kuliko mwanzo. Ndipo akanipigia simu, kwa kuwa mimi hufanya kazi ya fiziotherapia, akaniuliza swali ambalo wagonjwa wengi huniuliza: "Mwanangu, niambie basi, nitembee, niogelee, au nitafute baiskeli?"

Jibu langu hutegemea kipimo anachokipata mtu mwenyewe kwa siku chache. Nitaeleza kipimo hicho, kisha kila zoezi linavyofanya kazi gotini, kisha jinsi tulivyolipanga la shangazi wiki kwa wiki, pamoja na pale tulipokosea.

Kwanza, hakikisha ni goti la kufanyia mazoezi

Mwongozo huu ni wa goti lililochakaa kwa umri: gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika, goti linauma ukishuka ngazi au ukiinuka kitini, na asubuhi linakakamaa kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa, kisha linalegea. Goti la namna hii mazoezi hulisaidia. Gegedu halina mishipa ya damu, na chakula chake hupenya kutoka kwenye majimaji ya goti kila linapobanwa na kuachiliwa. Ndiyo sababu wiki tatu za kitini zilimzidishia shangazi ukakamavu. Tena misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo hulishika goti, hunyong'onyea upesi sana ikikaa bure.

Lakini usianze kabla ya kuonwa kliniki ikiwa goti ni la moto na jekundu na una homa, ikiwa linakwama katikati usiweze kulikunja wala kulinyoosha, ikiwa linakuangusha ghafla, ikiwa ukakamavu wa asubuhi unapita saa nzima na viungo vya vidole navyo vimevimba, au ikiwa lilianza kuuma baada ya kuanguka. Shavu la mguu mmoja, nyuma chini ya goti, likivimba na kuuma, nenda siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda mshipani. Na mwenye maumivu ya kifua akipanda ngazi aanze na daktari wa moyo, goti lingoje.

Kipimo: dakika zako, na asubuhi ya kesho

Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna maumivu kabisa, 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia. Tafuta mahali tambarare, uvae viatu vyako vya kawaida, utazame saa, uanze kutembea mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Andika alama ya mwanzo. Maumivu yakipanda kwa alama mbili, simama na uandike dakika.

Shangazi alianza na alama 3, akafika 5 kwenye dakika ya 14. Hizo dakika 14 ndizo uwezo wa goti lake kwa siku hiyo, na kuanzia hapo mtu huchukua kama nusu yake, au zaidi kidogo. Tukaanza na dakika 8. Alisikitika kidogo. "Dakika nane ni zoezi hizo?" Nikamwambia ni zoezi, tena mara mbili kwa siku.

Kipimo cha pili ndicho kikubwa zaidi, nacho huja kesho yake. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi si kosa, mradi alama isizidi 4 au 5 na iwe imerudi ilikokuwa kabla ya saa 24 kupita. Asubuhi ukiamka limevimba, au alama iko juu ya ile ya jana asubuhi, basi jana ulizidisha, hata kama ulijisikia vizuri ulipokuwa njiani. Goti huchelewa kulalamika. Wale akina mama wa kanisani hawakumkosea shangazi kwa nia mbaya. Waliangalia tu alivyokuwa wakati wa kutembea, si alivyoamka.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimeze dawa ya maumivu ili uweze kwenda mbali zaidi. Utakuwa umezima kengele pekee uliyonayo. Na diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kama peremende, huweza kupandisha presha na kudhuru figo, hasa kwa mzee ambaye tayari anameza dawa za presha. Muulize daktari wako kabla.

Ngazi ni zoezi pia, zihesabu

Hapa ndipo mipango mingi ya Nairobi huharibika. Mtu wa ghorofa ya tatu anayeshuka na kupanda mara nne kwa siku ameshatumia sehemu kubwa ya uwezo wa goti lake kabla hajaanza kutembea. Ukitembea tambarare, goti hubeba uzito kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wako kila hatua. Kwenye ngazi hupita mara tatu. Kushuka ndiko kunakouma zaidi, kwa sababu misuli ya paja lazima ishike breki huku goti limekunjwa.

Shangazi alikuwa akishuka kununua maziwa, anapanda, anashuka kutupa takataka, anapanda, anashuka tena jioni kupunga hewa. Tulizikusanya safari zikawa mbili kwa siku, na kila safari ikafungwa pamoja na zile dakika 8 za kutembea. Mjukuu akachukua maziwa. Mabadiliko hayo peke yake yalishusha alama yake ya asubuhi kutoka 4 hadi 3 kwa wiki moja, kabla hatujafanya jambo lingine lolote.

Kwenye ngazi zenyewe, shika mkono wa ngazi. Ukipanda, mguu mzima hutangulia. Ukishuka, mguu mbovu hutangulia. Kama unatumia fimbo, ishike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Watu wengi huishika upande ule ule unaouma, na hapo fimbo haipunguzi mzigo inavyopaswa. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia.

Kutembea

Kwa wazee wengi wa hapa, kutembea ndiko mahali pa kufikia hata kama si pa kuanzia. Ndiyo kazi ambayo goti litatakiwa kuifanya kila siku: kwenda steji, sokoni, kanisani au msikitini. Pia huimarisha mifupa, jambo ambalo maji na baiskeli haviwezi kulifanya vizuri, kwa kuwa mfupa hutaka kubebeshwa uzito.

Uwanja ni muhimu kuliko umbali. Tafuta pasipo na mteremko na pasipo na mashimo. Uwanja wa shule jioni au ua wa kanisa hufaa kuliko kando ya barabara, ambako lami huinama upande mmoja ili maji yapite na mguu mmoja ukawa juu daima. Arboretum ni pazuri na pana kivuli, lakini kaa kwenye njia za juu. Zile zinazoshuka kuelekea mtoni zitakudai ukirudi. Karura vilevile: njia pana za karibu na lango ni nzuri, ila safari ya kwenda kwenye mapango na maporomoko ina miteremko, na goti linaloshindwa kushuka litagundua hilo likiwa mbali na gari. Mvua za Machi hadi Mei zikishaanza, udongo wa msituni huteleza, kwa hiyo hamia penye sakafu.

Viatu: raba zenye soli nene, laini kidogo, kisigino kipana. Nyingi tunanunua za mtumba, na si vibaya, lakini soli iliyokaa miaka hukauka ikawa ngumu kama ubao huku juu ikionekana mpya. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: isipobonyea kabisa, iache. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kitalivuta goti upande huo.

Baiskeli

Ninaposema baiskeli kwa mzee wa Nairobi ninamaanisha ile ya mazoezi, inayokaa mahali pamoja. Sitamwambia mtu wa miaka 69 aingie barabarani kati ya matatu na boda boda, hata pale palipo na njia ya baiskeli, kwa sababu boda boda hupita humo humo. Kuanguka kumoja kukivunja nyonga kutaifuta faida ya mwaka mzima.

Faida ya baiskeli ni kwamba kiti ndicho kinachobeba mwili. Goti hupata mzunguko mwingi kwa mzigo mdogo kuliko wa kutembea, na misuli ya paja hufanya kazi kweli. Kwa goti linalokataa kutembea zaidi ya dakika tano, hapa ndipo pa kuanzia.

Kosa linaloharibu kila kitu ni urefu wa kiti. Wazee hupenda kiti cha chini ili miguu iguse sakafu, na hapo goti hukunjwa mno kila mzunguko. Rekebisha hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Sasa sogeza mguu ukanyage kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Maumivu yakija mbele ya goti, karibu na kifuniko chake, kiti kiko chini sana. Yakija nyuma ya goti, au makalio yakiyumba kulia na kushoto, kiti kiko juu sana.

Anza bila ugumu wowote, dakika 5. Hesabu goti la kulia linapopanda: liwe mara 15 hadi 18 kwa kila sekunde 15. Ongeza dakika kwanza, na ugumu baadaye kabisa. Ikiwa goti halikunjiki vya kutosha kumaliza mzunguko, usililazimishe. Peleka pedali mbele na kurudi nyuma nusu mzunguko kwa dakika chache, na baada ya siku kadhaa mara nyingi litazunguka lenyewe.

Maji

Maji hufanya kitu ambacho hakuna kingine kinachofanya: yanakubeba. Ukisimama ndani hadi kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wako. Hadi kifuani, kama theluthi. Mama mzito ambaye magoti yote mawili yanauma anaweza kutembea dakika 15 majini siku ambayo nchi kavu hawezi tano. Wala si lazima ujue kuogelea. Tembea maji yakiwa kifuani, mbele, kinyumenyume, kisha upande upande, ukikaa karibu na ukuta, na mtu akuangalie. Vaa taitsi na fulana kama hupendi vazi la kuogelea.

Anayejua kuogelea achague kuogelea chali, au kifudifudi akipiga miguu iliyonyooka. Aepuke mtindo wa chura. Ule mpigo wa miguu huivuta sehemu ya ndani ya goti kwa nguvu, na nimeona watu wakisema bwawa limewaharibu kumbe ni mtindo.

Shida za hapa kwetu ni mbili. Mabwawa mengi ya wazi Nairobi hayapashwi moto, na Julai maji huwa baridi kiasi cha kukakamaza misuli. Nenda kati ya saa sita na saa tisa mchana, au uache hadi Septemba. Ya pili niliijua kwa shangazi mwenyewe. Tulimpeleka kwenye bwawa moja, akafurahia maji dakika 20 nzima, alama ya goti ikashuka hadi 1. Kisha akataka kutoka. Bwawa lilikuwa na ngazi ya chuma iliyosimama wima, na goti halikuweza kumvuta juu. Wanawake wawili walimshika mikono mpaka akatoka, akiwa na aibu na machozi. Lilikuwa kosa langu, sikulitazama kabla. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ingia uangalie mambo matatu: kuna vidato vipana vya kushukia na cha kushikilia, kuna sehemu ya kina kifupi inayokufika kifuani, na sakafu ya pembeni haitelezi. Bwawa la Kasarani lilijengwa kwa ajili ya mashindano, hivyo kwa bwawa la aina hiyo kina ndicho swali la kwanza la kuuliza. Mabwawa ya hoteli na vilabu mara nyingi yana vidato.

Basi uchague lipi

Kama kipimo cha kutembea kilikupa dakika 10 au zaidi, anza na kutembea, na uongeze baiskeli ukiipata. Kikikupa chini ya hapo, anza na baiskeli, na utembee dakika mbili tatu tu kila siku ili usipoteze mazoea. Kama magoti yote mawili yanauma kukaribia alama 6 hata kwa hatua chache, au mwili ni mzito sana, tafuta maji kwa mwezi mmoja kisha uhamie kwenye baiskeli. Usilichague bwawa kama safari yake ni matatu mbili na kupanda daraja la miguu. Goti litakuwa limechoka kabla hujalowa.

Na lolote utakalochagua, ongeza kuinuka kitini, siku tatu kwa wiki. Kiti kigumu, kimeegemezwa ukutani, mto juu yake kama ni kifupi. Inuka taratibu bila kusukuma kwa mikono kama unaweza, kaa taratibu zaidi. Mara 8, pumzika, mara 8 tena. Huku ndiko kunakorudisha nguvu za paja, na bila hizo kutembea hukwama palepale.

Wiki 12 za shangazi

Wiki mbili za kwanza: dakika 8 asubuhi na 8 jioni, siku tano, kwenye uwanja wa shule ulio karibu. Wiki ya tatu tukapanda hadi 10. Sheria yetu ilikuwa kuongeza dakika mbili tu, na ni baada ya wiki nzima isiyo na asubuhi mbaya.

Wiki hiyo ya tatu, Jumatano, ilikuwa zamu yake ya kupokea chama. Alienda sokoni kwa miguu, akarudi na mizigo mikono yote miwili, akapanda ghorofa tatu, kisha akasimama jikoni hadi jioni. Alhamisi asubuhi alama ilikuwa 6 na goti limevimba. Alitaka kuacha kila kitu tena. Badala yake alikaa siku mbili bila kutembea kwa mazoezi, akiendesha baiskeli dakika 5 asubuhi na jioni bila ugumu. Jirani alikuwa nayo moja iliyokuwa ikitundikwa nguo. Alifunga barafu ndani ya kitambaa akaiweka gotini dakika 15, mara tatu kwa siku. Jumamosi alama ilikuwa imerudi 3.

Wiki ya nne tulirudi dakika 8, si 10. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanarudi walipoachia. Wiki ya tano 10, ya sita 12. Kuanzia ya saba tukaacha usawa wa asubuhi na jioni: asubuhi akaendelea kuongeza, jioni ikarudi 10. Wiki ya 12 alikuwa akitembea dakika 20 mfululizo asubuhi na 10 jioni, siku nne, na baiskeli dakika 15 siku mbili. Jumla ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima. Kushuka ngazi, ambako kulianza na alama 6, kulikuwa alama 3. Uzito ulitoka kilo 84 hadi 81. Kilo tatu zaonekana kidogo, lakini kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Goti lenyewe halijapona, na eksirei yake leo ingeonyesha gegedu lile lile lililolika. Bado huuma akikaa muda mrefu kwenye matatu, na chama kikija kwake siku hizi mboga huletwa na boda boda. Mvua za masika zilipoanza alihamia kwenye ukumbi wa kanisa, asubuhi kabla viti havijapangwa, na wawili kati ya wale akina mama wa alfajiri sasa huzunguka naye humo, kwa mwendo wake.